Amina ya Tenti Nzima

Hotuba ya mzee kwenye harusi huchukua dakika tatu, au tano kama maiki imemkolea. Vijana wengi huutumia muda huo kutafuta soda ya pili. Lakini kukiwa na harusi ya Mwislamu na Mkristo huku kwetu Bungoma na Kitale, dakika hizo zinafaa kusikilizwa kwa makini, kwa sababu ndizo pekee siku hiyo ambapo imani za nyumba zote mbili hutajwa kwa heshima na mdomo mmoja. Kanisani hilo haliwezekani, na kwa kadhi pia haliwezekani. Kwa msajili wa ndoa, hakuna dini inayotajwa kabisa. Mzigo wote unaangukia begani mwa mjomba fulani aliyepewa maiki katikati ya pilau na keki.

Ukitaka kujua kwa nini, lazima urudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Uislamu haukuja Bungoma kwa gari kutoka Mombasa juzi. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilifika Mumias kwa Nabongo wa Wawanga, ikitafuta pembe za ndovu. Nabongo Mumia, aliyetawala kuanzia mwaka 1882 hadi kifo chake mwaka 1949, alisilimu, na mji wake ukawa kitovu cha Uislamu magharibi mwa Kenya. Kutoka hapo dini ikatembea na biashara hadi kwenye masoko ya jirani. Wamishenari nao hawakuchelewa. Makwekeri walifungua misheni yao Kaimosi mwaka 1902 na kusambaa kaskazini hadi kwa Wabukusu, na mapadri wa Mill Hill wakajenga vituo vyao, Kibabii kikiwa kimoja. Kwa hiyo kizazi kimoja tu cha Wabukusu kilishuhudia mlango wa tatu ukifunguka kando ya ule wa zamani, ule wa Wele Khakaba, Mungu muumba ambaye wazee walimwomba kabla ya msikiti na kanisa.

Kitale ilikuja kwa njia nyingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walowezi walipewa mashamba makubwa Trans Nzoia, na mashamba yakahitaji mikono. Wabukusu wengi walikwenda kufanya kazi huko na kukaa na familia zao. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mji ukakusanya maduka, mafundi, madereva na watu wa kila dini. Baada ya uhuru, mashamba mengi yaligawanywa na familia nyingi kutoka Bungoma zikanunua ardhi. Ndiyo maana leo unaweza kukuta babu amezikwa Kimilili, baba analima mahindi karibu na Kitale, na mtoto amempenda jirani ambaye babake huadhiniwa alfajiri. Si maajabu. Ni reli, mahindi na shule moja ya msingi.

Serikali ya kikoloni, lakini, iliwapanga watu hawa kwenye masanduku. Mwaka 1902 ilitunga sheria ya ndoa yenye sura ya Kiingereza. Mwaka 1904 ikaongeza sheria ya ndoa za Waafrika Wakristo. Mwaka 1906 ikaja sheria ya ndoa na talaka za Waislamu. Kila dini ikapata mlango wake na karatasi yake. Ndoa ya kimila haikupata heshima hiyo. Mwaka 1917, katika kesi ya mtu aliyeitwa Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton aliamua kwamba mwanamke aliyeolewa kwa mila ya Kiafrika hakuwa mke kwa maana ya sheria ya ushahidi. Alilinganisha muungano huo na ununuzi wa mke. Yaani ng'ombe walitolewa, wazee wakaketi, baraka zikatamkwa, halafu mahakama ikasema hakuna ndoa hapa.

Masanduku hayo yalidumu hadi juzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ndiyo iliyoyakusanya pamoja: ndoa ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, zote zikiwa na hadhi moja mbele ya sheria. Lakini iliyakusanya bila kuyachanganya. Sehemu ya ndoa za Kiislamu inawahusu watu wanaokiri Uislamu tu. Kwa hiyo Mwislamu na Mkristo ambao kila mmoja anabaki na dini yake mara nyingi hujikuta kwa msajili wa ndoa. Wanatoa notisi ya angalau siku 21, wanakuja na mashahidi wawili, wanatia sahihi, na wanatoka nje wakiwa mume na mke bila aya wala zaburi.

Ukiuliza, mbona kanisa na msikiti wasifanye sherehe ya pamoja, padri huku na shehe kule? Swali zuri, na wachumba wengi huliuliza. Upande wa Katoliki, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema ndoa ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa inahitaji ruhusa maalum ya askofu. Huku kwetu inategemea mchumba Mkatoliki yuko chini ya jimbo la Bungoma, lililoundwa mwaka 1987, au la Kitale, lililoundwa mwaka 1998. Mchumba Mkatoliki huahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe, na mwenzake huarifiwa kuhusu ahadi hiyo. Askofu anaweza hata kuruhusu ndoa ifungwe mahali pengine, kwa mfano kwa msajili. Lakini sheria hiyo hiyo inakataza mambo mawili waziwazi: kufunga ndoa mara mbili kwa ibada mbili tofauti, na kuwaweka viongozi wawili wa dini mbele ya wachumba, kila mmoja akiwauliza kwa ibada yake kama wanakubaliana.

Upande wa Uislamu, wanazuoni wengi wanaruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa mwanamke wa Ahlul Kitabu, yaani Mkristo au Myahudi, wakitegemea sura ya Maida. Kinyume chake hawakiruhusu: mwanamke Mwislamu kuolewa na Mkristo ambaye hajasilimu. Nikahi yenyewe ina nguzo zake: walii, mashahidi wawili, kauli ya kuoza na kauli ya kukubali, na mahari. Haina nafasi ya mtu mwingine kuingiza sala zake katikati.

Sasa unaona. Hakuna aliyekuwa mkorofi. Kila nyumba inalinda maneno yake kwa sababu inaamini maneno hayo yanafanya kazi fulani, yanafunga kitu. Hotuba ya mzee ina uhuru kwa sababu moja tu: haifungi ndoa. Ndoa imeshafungwa. Hotuba inabariki.

Na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyofikiri. Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 kuhubiri Ukristo, alikuta lugha ambayo tayari ilikuwa imesali misikitini karne nyingi. Wamishenari walipoanza kutafsiri Biblia hawakubuni msamiati mpya kabisa; walichukua uliokuwepo. Malaika, nabii, dhambi, sadaka, sala, baraka, hata neno injili, yote yana asili ya Kiarabu. Ukifungua Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, kisha ufungue tafsiri ya Kurani ya Shehe Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969, utamkuta Mungu akiitwa Mungu katika zote mbili. Watu waliotofautiana kuhusu mambo makubwa walilazimika kutumia maneno yale yale kutofautiana. Kwa mzee mwenye maiki, hiyo ni zawadi.

Huku magharibi tuna zawadi ya ziada. Salamu yetu ya kila siku, mulembe, maana yake ni amani. Salamu ya Mwislamu ni amani pia. Mzee akianza na "Tumsifu Yesu Kristo", nusu ya tenti itajibu "milele amina" na nusu itaangalia viatu. Akiwa Mkristo na akaanza na "Asalaam aleikum" peke yake, wakwe watafurahi, lakini dada zake watanong'ona. Akianza na mulembe, kila mtu ana la kujibu, na hakuna aliyeombwa akiri asichoamini.

Tuchukue mfano, tuuangalie kwa kina. Bibi harusi ni wa familia ya Kikatoliki ya Bungoma. Bwana harusi ni wa familia ya Kiislamu ya Kitale. Wamepata ruhusa ya askofu, wametia sahihi kwa msajili siku ya Alhamisi, na Jumamosi kuna sherehe nyumbani kwa bibi harusi. Wazee wa msikiti wamealikwa, padri amealikwa. Anayesimama ni mjomba wa bibi harusi, ndugu ya mamake, ambaye Wabukusu humwita khocha na ambaye neno lake lina uzito wa pekee kwa mtoto wa dada yake. Hotuba yake inaweza kuwa hivi:

"Mulembe! Mulembe tena! Baba na mama wa bwana harusi, wakwe zetu kutoka Kitale, karibuni. Baba Padri, shehe wetu, wazee, dada zangu, shikamooni mnaostahili.

"Nyumba hii ni ya Wakristo, na tangu mama yangu mzazi tunasali rozari hapa kila jioni. Nyumba ya wakwe zetu ni ya Waislamu, na najua saa saba mchana mzee mwenzangu aliomba maji na mahali pa kuswali, na watoto wetu walimwonyesha. Hatukukutana hapa kujifanya tunaamini jambo moja. Tumekutana kwa sababu watoto wetu wamependana, nasi tumewapa ruhusa.

"Kitabu chetu kinasimulia habari ya Ibrahimu, na chenu pia kinasimulia. Katika vyote viwili, wageni asiowajua walifika kwake, naye hakuwauliza dini yao wala ukoo wao. Aliandaa ndama. Leo na sisi tumechinja, na aliyeshika kisu ni ndugu yetu Mwislamu, ili mtu yeyote asile kwa wasiwasi.

"Mwanangu, umeolewa na mtu anayefunga Ramadhani. Ukiamka kumpikia daku, hujaacha kanisa lako. Na wewe, mkwe wetu, umeoa mtu anayekwenda misa Jumapili. Ukimfikisha kwa pikipiki hadi mlangoni, hujaacha msikiti wako. Mambo ya shamba na nyumba, yaandikeni mapema mkiwa mnacheka, msingoje siku ya kulia.

"Mungu aliyewalinda babu zetu Kimilili na babu zenu Mumias, awape afya, awape watoto wenye adabu, awape riziki ya halali na mioyo ya kusameheana. Nasema amina."

Ni dakika tatu hivi. Tazama alivyozitumia. Kwanza, ametaja tofauti kabla ya kutaja umoja. Wasemaji wengi hukimbilia kusema kwamba dini zote ni moja, wakidhani wanaleta amani. Hiyo si heshima. Padri anaamini Yesu ni Mwana wa Mungu. Shehe anamheshimu Isa kama nabii na anakataa kabisa kwamba Mungu ana mwana. Ukiwaambia wote wawili kwamba wanasema kitu kimoja, umewaambia kwamba hujawasikiliza. Mjomba amesema ukweli kwamba nyumba ni mbili, ndipo akatafuta njia kati yake.

Pili, amechagua hadithi inayoishi katika vitabu vyote viwili. Masimulizi hayafanani kila kitu: katika Mwanzo wageni wanakula, katika sura ya Hud mikono yao haigusi chakula. Lakini mwenyeji na ndama wapo kwa wote. Kwa watu wa Bungoma na Kitale, ambako ng'ombe bado huzungumzwa katika mahari, ndama hahitaji maelezo.

Tatu, heshima yake imeanza jikoni kabla ya kufika mdomoni. Katika sherehe nyingi za Kenya, Mwislamu ndiye huombwa kuchinja ili wageni wote wale sufuria moja. Kama kamati ya harusi imesahau hilo, hakuna hotuba itakayoliponya. Wageni wakishaanza kuulizana kimyakimya nyama imechinjwa na nani, mjomba ataongea peke yake. Ni vivyo hivyo na busaa. Zamani mzee wa Kibukusu angebariki akiwa na pombe ya nafaka mkononi. Mbele ya wakwe Waislamu, maji au maziwa yanatosha, na hakuna aliyepunjwa.

Nne, amewataja babu bila kuwaomba kitu. Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu imani ya zamani ina kidonda chake katika eneo hili. Elijah Masinde wa Kimilili alipoongoza Dini ya Msambwa, akiwaita watu warudi kwa Wele na njia za wazee na kuwakataa walowezi, serikali ilimfunga, ikampeleka hospitali ya Mathari, na baadaye kumhamishia mbali. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa dini hiyo Malakisi na kuua watu, na mwaka huo huo dini ikapigwa marufuku. Serikali huru nayo iliipiga marufuku tena mwaka 1968. Kwa hiyo katika tenti ile ile anaweza kuketi mzee ambaye msambwa si mzaha kwake, karibu na pasta anayeamini ni ushetani, karibu na shehe anayeiita ushirikina. Kuwakumbuka babu kama watu waliolindwa na Mungu kunampa yule mzee nafasi yake, bila kumlazimisha yeyote kuomba kwa mizimu.

Sasa kuna makosa ambayo huharibu kazi hii yote kwa sentensi moja. Utani wa wake wanne ndio maarufu zaidi, na bibi harusi ndiye hulipa gharama yake, akitabasamu huku macho yamejaa. Kosa jingine ni kumwambia bwana harusi kwamba tunangoja ubatizo wake, au kumwambia bibi harusi kwamba siku moja ataona nuru na kusilimu. Aliyealikwa kubariki amegeuka mhubiri. La tatu ni kuwagawa watoto ambao hawajazaliwa. Mkatoliki ameahidi jambo kwa kanisa, na Uislamu unamtarajia mtoto wa baba Mwislamu awe Mwislamu. Huo ni mvutano halisi, na wawili hao wanapaswa kuwa wameuzungumza kabla ya kuchapisha kadi. Maiki si mahali pa kuutatua. Mjomba wetu aliomba watoto wenye adabu, akaishia hapo.

Utajuaje kama hotuba imefaulu? Sikiliza amina. Neno hilo liko msikitini na liko kanisani, na mtu halitoi kwa ombi ambalo hakubaliani nalo. Mzee akimaliza na "katika jina la Yesu", amina itatoka upande mmoja wa tenti. Akimaliza kwa dua ya Kiarabu ambayo wenyeji hawaielewi, itatoka upande mwingine. Akimaliza kwa ombi ambalo nyumba zote mbili zingeweza kuliomba peke yake zikiwa nyumbani, amina inatoka pande zote mara moja, na unaweza kuisikia hadi barabarani.

Bado baraka ina mpaka wake, na ndiyo sababu sentensi ya mjomba kuhusu shamba haikuwa ya kujaza muda. Tangu mwaka 1990, Sheria ya Urithi ya Kenya inasema mali ya Mwislamu aliyefariki igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Kwa mafundisho ya kawaida ya sheria hiyo, mke ambaye si Mwislamu si mrithi wa mumewe. Katiba ya mwaka 2010 inampa ulinzi fulani: mahakama ya kadhi haiwezi kumhukumu asiye Mwislamu, kwa kuwa mamlaka yake ni pale pande zote zinapokuwa za Waislamu na kukubali kwenda huko. Lakini hata Mahakama Kuu inakutana na kanuni ile ile ya mgawanyo. Njia zipo, na ni za uhai. Mume anaweza kumpa mkewe zawadi akiwa hai, wanaweza kuandikisha ardhi kwa majina ya wote wawili, na anaweza kuandika wasia wa hadi theluthi moja ya mali kwa mtu asiye mrithi, ambaye katika hali hii anaweza kuwa mke wake mwenyewe.

Kwa hiyo mkiwa kwenye kamati ya harusi kama hiyo, na mtu akauliza ni nani ataongea, msimtafute mwenye utani mwingi. Mtafuteni anayejua nyumba zote mbili zinaamini nini, kisha mumnong'oneze emsii asimkatize kabla hajafika kwenye shamba.